Idhini ya Awali ya Matibabu: Nani Huiomba, na Nini Hufuata Mtu Akilazwa Bila Hiyo

Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Malambo, Wilaya ya Ngorongoro



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu katika bima ya afya, nalo ni idhini ya awali. Tumelichagua hilo kwa sababu malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu bima ya afya huanza katika hatua hiyo. Mtu ana kadi, mchango wake umelipwa, ugonjwa wake umo katika yale yanayogharamiwa, na bado siku ya kutoka hospitali anaambiwa alipe mwenyewe. Akiuliza sababu, jibu huwa fupi: "Hukuwa na idhini." Neno hilo hakuwahi kulisikia kabla. Na kwa familia ya hapa, kulipa mwenyewe maana yake ni kupeleka ng'ombe mnadani bila kupanga, tena kwa bei ya mwenye haraka.

Idhini ya awali ni nini

Idhini ya awali ni jibu ambalo hospitali hulipata kutoka kwa mwenye kulipa, yaani kampuni ya bima au mfuko wa bima, kabla ya kutoa huduma yenye gharama kubwa. Hospitali huuliza: mgonjwa huyu ana ugonjwa huu, tunakusudia kumfanyia jambo hili, kwa gharama hii, kwa siku hizi, je, mtalipa? Bima hujibu ndiyo, au hapana, au ndiyo kwa kiasi fulani. Jibu likiwa ndiyo, huambatana na namba maalumu ambayo hospitali huiandika katika jalada la mgonjwa na baadaye katika ankara.

Kwa hiyo idhini haihusu kama mgonjwa atibiwe au asitibiwe. Hilo huamuliwa na daktari pamoja na mgonjwa mwenyewe. Idhini huhusu nani atakayelipa. Tukilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi kuyaelewa.

Kuna vitu viwili ambavyo watu huvidhania kuwa idhini, na sivyo. Cha kwanza ni kadi. Mnapofika hospitali, karani huihakiki kadi ili kuona kama ni hai. Kuhakikiwa huko kunathibitisha kwamba wewe ni mwanachama siku hiyo. Hakuthibitishi kwamba upasuaji utakaofanyiwa wiki ijayo utalipiwa.

Cha pili ni barua ya rufaa. Mganga wa hapa akikuandikia rufaa kwenda Wasso, Endulen, Karatu au Arusha, barua ile ni maneno ya mganga kwa mganga mwenzake: huyu amenizidi uwezo, mpokeeni. Mwenye kulipa hajasema lolote katika barua ile. Rufaa mara nyingi ni lazima, nayo ndiyo mlango wa kupandia kutoka ngazi moja ya huduma hadi nyingine. Lakini rufaa haichukui nafasi ya idhini pale ambapo bima yako inadai idhini.

Si kila huduma inayodai idhini. Kumwona daktari, kupima malaria, kupewa dawa za kawaida na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, kwa kawaida haviombewi. Yanayoombewa ni kulazwa, upasuaji uliopangwa, vipimo vya gharama kubwa kama vile vya mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, dawa za bei ya juu za magonjwa ya muda mrefu, na usafiri wa kumhamisha mgonjwa kwa gari au ndege. Katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, orodha ya huduma zinazohitaji kibali huwekwa na Mfuko wenyewe. Katika kampuni binafsi za bima, orodha hiyo imo katika mkataba, na hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Wengi wenu mliopo hapa mnaofanya kazi katika kambi na hoteli za watalii mmekatiwa bima hizi za kampuni na waajiri wenu, na mkataba wenyewe uko ofisini kwa mwajiri. Mna haki ya kuomba kuusoma, au kusomewa.

Nani huiomba

Anayeomba idhini ni hospitali. Mgonjwa haombi, wala mwajiri haombi, wala ndugu aliyemsindikiza haombi. Sababu ni kwamba ombi lenyewe ni la kitabibu. Linahitaji jina la ugonjwa, matokeo ya vipimo, aina ya matibabu yanayokusudiwa, idadi ya siku za kulala, aina ya wodi, makadirio ya gharama, na saini ya daktari pamoja na mhuri wa hospitali. Hakuna mtu wa nyumbani anayeweza kuyajaza hayo.

Kazi hiyo hufanywa katika ofisi ndogo ambayo hospitali nyingi huiita dawati la bima. Daktari huandika, dawati la bima hujaza fomu na kuituma kwa mtandao, na upande wa pili huipokea muuguzi au daktari aliyeajiriwa na bima kwa kazi hiyo. Mtu huyo huangalia mambo machache kwa mpangilio. Kwanza, je, mgonjwa ni mwanachama hai na jina lake limo katika orodha? Pili, je, huduma hii imo katika yale tuliyokubali kugharamia, na muda wa kusubiri, kama upo, umekwisha? Tatu, je, kiwango chake cha mwaka bado kina fedha za kutosha? Nne, je, hospitali hii ina mkataba nasi, na bei iliyotajwa ni ile tuliyokubaliana? Tano, je, kwa ugonjwa huu na vipimo hivi, matibabu haya ndiyo yanayostahili?

Ingawa mgonjwa si mwombaji, kuna sehemu ambayo ni yake. Atoe kadi na kitambulisho mara anapofika, si siku ya kuondoka. Aseme ukweli kuhusu maradhi aliyokuwa nayo zamani. Na kabla ya kupelekwa wodini aulize swali moja: "Idhini imekuja? Naomba namba yake na kiasi kilichoidhinishwa." Swali hilo si utovu wa adabu. Watu wa dawati la bima hulisikia kila siku, na mara nyingine ndilo linalowakumbusha kwamba fomu ilijazwa lakini haikutumwa.

Majibu yanayoweza kurudi ni manne. Kuna kukubaliwa kote. Kuna kukubaliwa kwa sehemu, yaani kwa kiasi cha fedha au idadi ya siku. Kuna kuulizwa zaidi, pale bima inapotaka kipimo kilichosahauliwa au maelezo ya daktari. Na kuna kukataliwa, ambako lazima kuambatane na sababu. Jibu la tatu ndilo linalopoteza watu wengi, kwa kuwa fomu iliyorudishwa na swali hukaa mezani, mgonjwa akidhani inashughulikiwa, na bima ikidhani hospitali itajibu.

Mfano wa safari iliyopangwa

Tuseme kuna mama wa hapa Malambo, mume wake ni mpishi katika kambi ya watalii, na mwajiri amemkatia mume bima inayomhusu yeye, mkewe na watoto wao. Mfano huu na fedha zake tumeutunga kwa ajili ya kufundishia, lakini kila hatua yake ni ya kawaida.

Mama huyu ana uvimbe katika mfuko wa uzazi. Anatokwa na damu nyingi kila mwezi, amechoka, lakini hali yake si ya kufa leo wala kesho. Daktari wa Arusha aliyemwona amesema anahitaji upasuaji. Gharama inakadiriwa kuwa shilingi 3,200,000, akilala siku nne. Hospitali ina mkataba na bima yake.

Dawati la bima linatuma ombi. Siku inayofuata bima inauliza: mbona picha ya mionzi ya sauti haikuambatishwa? Mume, ambaye aliacha namba yake ya simu hapo dawatini, anapiga kuulizia na kuambiwa hivyo. Picha inatumwa. Jibu linarudi: imeidhinishwa shilingi 2,800,000, wodi ya kawaida, siku nne, na idhini hii itatumika ndani ya siku 14.

Hapo kuna mambo matatu ya kusoma kwa makini. Kwanza, zile shilingi 400,000 zilizobaki ni za nini? Mume anauliza, na anajibiwa kwamba hospitali ilikadiria chumba cha mtu mmoja peke yake, wakati bima yake hulipia wodi ya kawaida. Akikubali wodi ya kawaida, pengo linakwisha. Akitaka chumba cha peke yake, atalilipa mwenyewe, na ni bora alijue hilo kabla.

Pili, siku 14. Idhini ina mwisho wake. Mama amerudi Malambo kuwaacha watoto kwa bibi yao, mvua za masika zimenyesha, makorongo yamejaa maji na gari halipiti. Anafika Arusha siku ya 17. Namba aliyo nayo haifai tena. Hilo si janga, kwa sababu ombi lile lile linaweza kutumwa upya na mara nyingi hujibiwa upesi, maana kila kitu kimo. Lakini akilazwa kwa namba iliyokwisha muda, kwa bima ni sawa na kulazwa bila namba. Kwa watu wa Malambo, ambao barabara yao huamuliwa na mawingu, tunashauri kupiga simu dawatini kabla ya kupanda gari na kuuliza: "Idhini bado ni hai? Inakwisha lini?"

Tatu, siku nne. Baada ya upasuaji mama anapungukiwa damu na kuongezewa, na daktari anataka alale siku sita. Idhini ilikuwa ya siku nne. Siku ya nne, kabla haijaisha, hospitali inapaswa kutuma ombi la nyongeza na kueleza sababu. Hii pia ni kazi ya hospitali, lakini ndugu aliye kitandani pa mgonjwa ndiye anayejua kwamba siku zimeongezwa. Aende dawatini aulize. Siku mbili zisizoombewa zinaweza kubaki katika ankara zikiwa na jina la mgonjwa.

Mkiangalia safari hiyo, mama yule hakuomba idhini hata mara moja. Lakini mumewe aliuliza mara nne, na maswali hayo manne ndiyo yaliyofanya atoke hospitali bila deni.

Dharura haisubiri

Sasa tubadilishe hali. Mtoto ameumwa na nyoka machungani jioni. Au mama amejifungua nyumbani na damu haikatiki. Au kijana amejeruhiwa na nyati. Hapa hakuna wa kukaa akisubiri namba. Mpelekeni mgonjwa katika hospitali ya karibu inayoweza kumhudumia, iwe ina mkataba na bima yenu au haina.

Mikataba ya bima kwa kawaida huijua hali hii na huiwekea njia yake. Katika dharura, matibabu hutangulia na taarifa hufuata. Badala ya idhini ya awali, bima hudai ijulishwe ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, ambao mara nyingi ni saa 24 au saa 48 tangu mgonjwa alipopokewa. Hospitali ndiyo inayopaswa kutoa taarifa hiyo, lakini hapa mwanachama naye anaweza kusaidia moja kwa moja, kwa kuwa taarifa haihitaji utaalamu. Nyuma ya kadi nyingi kuna namba ya simu inayopokewa usiku na mchana. Mtu apige na kuseme: mwanachama namba fulani amelazwa katika hospitali fulani, tangu saa fulani, kwa sababu hii. Aandike jina la aliyempokea na saa aliyopiga.

Tunajua kwamba si kila mahali katika kata hii panapopata mtandao wa simu. Kwa sababu hiyo tunashauri namba ya kadi na namba ya simu ya bima ziandikwe pia katika daftari la mtu aliye mahali penye mtandao: ndugu aliye Karatu, mwalimu, au mwajiri. Mgonjwa akiwa njiani, mtu huyo anaweza kutoa taarifa kabla gari halijafika.

Mambo mawili yana mipaka katika dharura. La kwanza ni maana ya neno lenyewe. Katika mikataba, dharura ni hali ya ghafla inayotishia uhai au kiungo cha mtu, au inayoweza kumwachia madhara makubwa asipohudumiwa mara moja. Maumivu ya mgongo ya miezi mitatu hayawi dharura kwa sababu tu mgonjwa amefika usiku. Daktari aliyempokea ndiye anayeandika hali aliyomkuta nayo, na maandishi hayo ndiyo ushahidi. Ikiwa mtoto alifika akiwa amevimba mguu mzima na anapumua kwa shida, hakikisheni yameandikwa hayo, pamoja na saa ya kufika.

La pili ni kuhamishwa. Mtoto akiisha kutulizwa Wasso, na daktari akaona ni lazima aende Arusha, huo ni ulazwaji mpya katika hospitali nyingine. Idhini ya kwanza haisafiri na mgonjwa. Hospitali inayompokea itaomba yake. Na gari au ndege ya kumhamisha huombewa peke yake, kwa kuwa si kila bima hugharamia usafiri, na zile zinazogharamia hutaka kuuita usafiri huo wenyewe au kuukubali kabla haujaondoka. Ndugu akiita ndege kwa hiari yake akitumaini kurudishiwa, anaweza kubaki na deni linalozidi gharama ya matibabu yenyewe.

Akilazwa bila idhini na haikuwa dharura

Tumrudie mama yetu mwenye uvimbe. Tuseme hakusubiri. Shemeji yake alisema kuna hospitali nzuri anayoijua, wakaenda moja kwa moja, akalazwa, akapasuliwa. Nini hufuata? Inategemea hospitali aliyokwenda.

Ikiwa hospitali ina mkataba na bima yake, njia bado haijafungwa. Mgonjwa akiwa bado wodini, hospitali inaweza kutuma ombi lililochelewa na kueleza sababu ya kuchelewa. Bima inaweza kulikubali, kulikubali kuanzia siku lilipotumwa tu, au kulikataa. Likikataliwa, hapo huzuka swali la nani abebe hasara. Ikiwa mgonjwa alitoa kadi siku ya kwanza na hospitali ndiyo iliyosahau kuomba, kosa ni la hospitali, na mikataba mingi kati ya bima na hospitali haimruhusu mtoa huduma kumgeuzia mwanachama gharama iliyokataliwa kwa uzembe wake mwenyewe. Lakini ikiwa mgonjwa aliificha kadi, au aliitoa siku ya kuondoka, au aliambiwa asubiri jibu akakataa, mzigo humrudia yeye.

Hapa kuna karatasi moja ya kuiangalia. Wakati wa kupokewa, hospitali nyingi humtaka mgonjwa au ndugu atie saini fomu inayosema kwamba bima isipolipa, yeye atalipa. Wengi huitia saini, au dole gumba, bila kusomewa. Fomu hiyo si batili kwa sababu hukuielewa. Ombeni msomewe, na mkitia saini kabla idhini haijaja, andikeni pembeni kwamba kadi imetolewa na idhini inasubiriwa, pamoja na tarehe na saa.

Ikiwa hospitali haina mkataba na bima yake, hali ni nyingine. Hospitali hiyo haina wa kumwomba idhini. Itamtendea mama kama mgonjwa wa kulipa taslimu: itataka amana kwanza, tuseme shilingi 1,000,000, na ankara yote kabla ya kutoka. Baadaye mume anaweza kudai kurudishiwa. Atahitaji risiti halisi, ankara yenye mchanganuo, muhtasari wa daktari wa kumruhusu mgonjwa, matokeo ya vipimo, na fomu ya madai, vyote ndani ya muda uliowekwa katika mkataba. Na hata akikubaliwa, bima kwa kawaida hurudisha kwa bei yake yenyewe. Kama alilipa shilingi 3,200,000, na bei ambayo bima huilipa hospitali zake kwa upasuaji ule ni shilingi 2,400,000, atarudishiwa si zaidi ya shilingi 2,400,000. Zile 800,000 zimekwenda. Na kwa kuwa haikuwa dharura na hakukuwa na idhini, mkataba unaweza kuruhusu asirudishiwe chochote.

Tunaomba mtofautishe kukataliwa kwa aina mbili. Kuna kukataliwa kwa sababu huduma yenyewe haimo katika bima, kwa mfano upasuaji wa urembo, au mke ambaye jina lake halikuandikishwa. Huko, hata idhini ingeombwa mapema, jibu lingekuwa lile lile, na faida ya kuomba ingekuwa ni kujua kabla ya kuingia gharama. Na kuna kukataliwa kwa sababu utaratibu haukufuatwa, ingawa huduma imo. Aina hii ya pili ndiyo inayoweza kutazamwa upya, hasa pale mgonjwa anapoweza kuonyesha kwamba alifanya sehemu yake.

Ukikataliwa, ufanye nini

Kwanza, usikubali jibu la mdomo. Omba barua au ujumbe ulioandikwa unaotaja sababu na kifungu cha mkataba. Wakati mwingine kuomba tu kunatosha kuonyesha kwamba hakukuwa na kukataliwa kokote, ila swali lililokosa kujibiwa.

Pili, mwombe daktari aandike maelezo zaidi ikiwa sababu ni ya kitabibu, na hospitali iombe ombi litazamwe upya. Ikiwa bima ni ya mwajiri, mjulisheni afisa rasilimali watu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkataba na sauti yake husikika haraka.

Tatu, kampuni ya bima isipotoa jibu la haki, leteni malalamiko katika ofisi yetu ya Kanda ya Kaskazini iliyoko Arusha. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo inayotupa kazi ya kuzisimamia kampuni hizo, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoweka Msuluhishi wa Bima, anayesikiliza migogoro kati ya kampuni na wateja wake. Kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anzeni na ofisi ya Mfuko ya mkoa. Popote mtakapokwenda, mtaulizwa vitu vile vile: nakala ya kadi, barua ya kukataliwa, ankara na risiti, tarehe na saa ya kulazwa, na jina la mtu mliyezungumza naye. Mwenye daftari lenye mambo hayo husikilizwa upesi kuliko mwenye kumbukumbu tu.

Wazee wetu na ndugu zetu, kabla hatujaketi kusikiliza maswali yenu tunarudia mambo mawili tu. Safari ya matibabu iliyopangwa isiondoke Malambo kabla hospitali haijasema kwamba idhini imekuja na bado ni hai. Na safari ya dharura isisubiri chochote. Iondoke, na mtu mmoja abaki na kazi ya kupiga simu kabla saa zilizowekwa hazijaisha.